Mfupa Ulioganda

Watu wa pale kinuni Ikungi walishaamua kwamba Damari anajifanya. Na binadamu akishaambiwa anajifanya, jamani, hata aanguke chini watasema anaigiza.

Sababu walikuwa nayo, tusiwaonee. Damari alikuwa fundi wa mashine ya kukamua alizeti ya mzee Abdulhamidi, mfanyabiashara wa Singida mjini. Mashine ile ikiwaka, watu wanaongea kwa mikono. Wakulima waliokuja na magunia yao wanapayuka mpaka mishipa ya shingo inasimama, na bado wanaulizana, "Ee? Unasemaje?" Lakini Damari, mpigie kelele humohumo ndani akiwa amekupa mgongo, anakujibu papo hapo. Sasa mtu huyohuyo, mashine ikizimwa na uwanja ukatulia, unamwita "Mama Shukuru!" hatua tatu nyuma yake, kimya. Unamwita tena, kimya. Anaendelea kuzoa mashudu yake kama hakuna mwingine duniani.

"Huyo anasikia anapotaka," wakasema. "Ufundi umempanda kichwani."

Damari mwenyewe hakujua ajieleze vipi. Alichojua ni kwamba tangu amzae Shukuru, miaka kumi sasa, sauti za dunia zilikuwa zikimkimbia kidogo kidogo. Ilianza minong'ono. Ikafuata mvua nyepesi juu ya bati. Ndani ya masikio kukabaki mvumo usioisha, na mumewe Chediel naye akazidi kumlalamikia: "Mbona siku hizi unaongea chinichini?" Chinichini! Wakati yeye mwenyewe alijisikia anapiga kelele.

Kilichomnyima raha hasa ni mama yake, bibi Evodia wa Mgori. Huyo alianza hivihivi. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mwanamke wa kusimama na kusema. Masikio yalipoanza kuziba, wakamvua uenyekiti kwa maneno matamu, wakampa kiti cha kona. Leo kwenye sherehe anapewa sahani yake mapema, anakula peke yake, anatabasamu bila kujua kinachochekwa. Watoto wa jirani wanamwita Kiziwi kama vile ndilo jina la ubatizo. Damari aliapa: kiti kile cha kona hatakikalia.

Halafu, katikati ya Juni, msimu umepamba moto, yakatokea ya kutokea. Mashine ilikuwa imezimwa. Selemani, mpwa wa mzee Abdulhamidi, alikuwa ameingiza mkono kwenye mdomo wa mashine akichokoa mbegu zilizokwama.

"Usiwashe, dada!" alisema.

Damari, mgongo kwake, akawasha. Selemani aliuchomoa mkono, akaanguka kwenye magunia akiita mama yake. Hakuumia hata kucha. Lakini Damari aliuona ule mkono, na usiku kucha akaendelea kuuona.

Kesho yake mzee Abdulhamidi akaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama Shukuru, mimi si mtu mbaya. Nenda hospitali kubwa wakupasue, wakuzibue. Ukirudi mzima, mashine ni yako. Usipopona, Selemani anaishika, wewe utashona magunia."

"Mzee, kosa la jana ni langu, nalibeba. Lakini hii mashine nimeifungua na kuifunga miaka tisa kwa mikono hii. Magunia sishoni."

"Basi kapone," akasema mzee, akapanda gari lake.

*

Daktari wa masikio ambaye Damari na mumewe walimpata Dodoma aliitwa Peniel, mwanamama mfupi, mchangamfu. Alimulika masikio ya Damari, akasema ni safi na ngoma zake ni nzima. Kisha akatoa chuma chenye meno mawili, akakigonga gotini, akakiweka mbele ya sikio.

"Unasikia?"

"Kwa mbali mno."

Akakigonga tena, akakikandamiza kitako chake kwenye mfupa nyuma ya sikio. Damari akashtuka. Sauti ilikuwa imejaa kichwani, wazi kabisa, tamu. Machozi yakamtoka pasipo ruhusa.

"Umeona?" daktari akasema. "Sikio lako la ndani linafanya kazi. Kilichofungwa ni njia." Wakampima pia kwenye chumba kisichopitisha sauti, na vipimo vikasema vilevile. Dokta Peniel akachora kwenye karatasi. Nyuma ya ngoma kuna vifupa vitatu vilivyoshikana, akaeleza, sauti inavitikisa kimoja hadi kingine. Cha mwisho kinaitwa kikuku, ndicho kidogo kuliko mifupa yote ya mwili. Kinakaa kwenye kidirisha cha sikio la ndani na kazi yake ni kucheza ndani nje, kupeleka mtikisiko. "Wewe pembeni yake umeota mfupa mpya, ukakibana. Kimeganda. Kinavyozidi kuganda ndivyo sauti inavyozidi kupungua."

"Kama beringi iliyokwama," Damari akasema.

"Naam! Wewe unanielewa kuliko wanafunzi wangu. Kuna mwingine kwenu?"

"Mama yangu. Naye anaongea kwa upole hivi."

"Wengi wenye tatizo hili huongea chini, kwa sababu sauti yao wenyewe inawajaa kichwani. Linatembea ndani ya ukoo. Na baadhi ya wanawake hulalamika kwamba lilizidi walipobeba mimba."

Damari akamtazama Chediel. Miaka yote ile walidhani mama ni mpole. Kumbe!

"Na kule kwenye mashine mbona nasikia?" akauliza.

"Kwenye kelele kila mtu anakupazia sauti. Wao ile kelele inawameza, kwako inafika imepungua, sauti yao inapenya. Huigizi, mama Shukuru. Hivi ndivyo ugonjwa huu ulivyo."

Huigizi! Neno hilo peke yake lilitosha nauli ya kwenda na kurudi.

"Basi apasuliwe," Chediel akadakia. "Sisi tumekuja kwa ajili hiyo."

Daktari hakumjibu yeye, alimgeukia Damari. Upasuaji upo, akasema. Sehemu ya kikuku inaondolewa, inawekwa kijiti kidogo kinachocheza badala yake, na wengi husikia vizuri mno. Wanaanza na sikio lililo baya zaidi, moja kwanza. Lakini wachache, kama mmoja katika mia, sikio hilo linaweza kufa moja kwa moja. Wengine hupata kizunguzungu, au ladha ya ulimi kubadilika. Na baada yake, wiki kadhaa asinyanyue mzigo wala asipenge kamasi kwa nguvu. Njia ya pili ni vifaa vya kusaidia kusikia. Haviponyi mfupa, na sauti ikipungua zaidi vitaongezwa nguvu. Ila kwa kuwa sikio la ndani ni zima, vitamfaa sana.

"Nikianza na vifaa, mlango wa upasuaji unafungwa?"

"Haufungwi. Utanirudia kupimwa kila mwaka, ukitaka kupasuliwa utasema."

"Damari," Chediel akanong'ona, kisha akakumbuka, akapandisha sauti, "utavaa hayo madude kama bibi kizee? Watu watasema nini?"

"Watasema nini kipya? Kiziwi wameshasema. Jeuri wameshasema. Mzee Abdulhamidi ameagiza nipasuliwe, wewe umeagiza nipasuliwe, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi. Msimu ndio huu, magunia ndiyo hayo, na kizunguzungu mbele ya mkanda wa mashine sikitaki. Dokta, nipe vifaa. Siku nikitaka kisu nitakifuata mwenyewe kwa miguu yangu."

Chediel akasema, "Haya. Ila uyasikie na maneno yangu basi." Damari akacheka, mara ya kwanza tangu mkasa wa Selemani.

*

Wengine wangeshusha kilemba kufunika masikio. Damari alikwenda kwa msusi, akasukwa nywele zote juu, masikio yakabaki wazi na vile vifaa viwili vikionekana toka barabarani. Akaingia kinuni asubuhi.

Mzee Abdulhamidi alikuwepo, Selemani pembeni yake ameshika spana ya Damari. Mzee alivitazama vile vifaa, akasikitika.

"Hukupasuliwa."

"Sikupasuliwa, mzee."

"Nilikuambia urudi mzima. Mtu anayehitaji mashine sikioni ataniendeshea mashine gani?"

"Hii hapa," Damari akasema. Akavitoa vifaa, akaviweka kwenye kikasha chake, maana dokta alimwambia humo kwenye mngurumo asivivae. Akawasha.

Kinu kikanguruma, vumbi likaruka. Mzee alimwona Damari hana kitu masikioni, amewapa mgongo, akamgeukia Selemani na kupayuka kwa sauti yote aliyojaliwa: "Mwache amalize wiki! Jumatatu unaishika wewe!"

Selemani akaweka kiganja sikioni. "Ee? Unasemaje, mjomba?"

"Anasema Jumatatu unaishika wewe!" Damari akajibu bila kugeuka.

Vijana wa magunia wakaangua kicheko. Damari akamnyang'anya Selemani spana, akaweka ncha moja kwenye mwili wa mashine na ncha ya pili kwenye mfupa nyuma ya sikio, palepale alipogusa daktari. Akatulia. Akahamisha. Pa tatu uso ukambadilika, akazima.

"Beringi ya nyuma inasaga," akasema, akivirudisha vifaa masikioni. "Selemani, wewe ndiye umeishika wiki nzima nilipokuwa Dodoma. Hukuisikia?"

"Kelele yote hii nisikie nini, dada?"

Walifungua. Gololi mbili za beringi zilikuwa zimepasuka, na kasha lake limeshakuwa jeusi kwa moto. Ingevunjika katikati ya siku, msimu ungekuwa umewafia hapohapo.

Selemani aliingiza mkono kuokota vipande. "Usiwashe, dada," akasema, chini kabisa, kwa woga wa mtu aliyewahi kuponea chupuchupu.

"Siwashi. Toa taratibu."

Mzee Abdulhamidi alitoka nje uwanjani, akasimama karibu na gari, kofia mkononi. Uwanja ulikuwa kimya, mashine imelala. Damari alikuwa hatua kumi, ameliinamia kopo la grisi. Selemani alipomfuata, mzee akamwinamia sikioni na kunong'ona, kama watu walivyozoea kumnong'onea Damari nyuma ya mgongo miaka kumi nzima: "Mwache nayo. Lakini hiki kiziwi kina kiburi, lo!"

Damari akanyoosha mgongo. Akafuta mikono kwenye kanga, polepole, akamkabili.

"Mzee wangu, shikamoo tena. Kwenye kelele nakusikia bila hivi. Kwenye kimya nakusikia navyo. Sasa niambie, utanisengenyea wapi?"