Vitufe Majirani

Kwenye chumba cha ujumbe wa dharura, Mdomo alijulikana kwa mambo mawili: utani usiokauka na jicho la kutambua takataka. Ukimwonyesha "sdfgfds" alikwambia papo hapo, "Vitufe majirani hivyo. Simu imekaliwa." Mtu aliye taabuni huweza kukatakata maneno, lakini herufi zake huruka huku na huko kwenye kibodi. Takataka hujazana sehemu moja kama nzi kwenye kidonda.

Kwa hiyo mchana ule ilipoingia "ghvbghb", aliuliza kwa mazoea, "Unahitaji msaada?" Akapata "vbghhg". Akaifunga kesi.

"Mtoto ananyonya simu ya mamake," alimwambia msimamizi wa zamu, mama waliyemwita Shangazi. "Hata ladha haina."

Baadaye namba ile ile ikarudi: "bgh". Kimya. Kisha "gb".

Mdomo akaacha kutafuna bigijii. Mtoto hupondaponda mfululizo. Huyu alituma, akangoja, akatuma. Na kila mara alizidi kufupisha.

"Shangazi, je, kama kidole chake kinafika hapo tu? Mkono umefungwa, au umevunjika?"

Shangazi alikwishasogeza kiti. "Mpime. Usimtake maneno, mtake idadi."

Mdomo akaandika: "Kama unanisoma, tuma herufi moja tu, yoyote."

"g"

"Inaweza kuwa bahati," Mdomo alisema.

"Rudia. Bahati haitii amri mara mbili."

Mdomo akaandika tena: "Kama kuna mtu anakuumiza, tuma mbili. Kama hakuna, tuma nne."

Wakangoja.

"vb"

Shangazi akanyakua simu, akawataka watu wa mtandao waseme namba ile iko wapi, kisha akawapa polisi mtaa. Hakuwa amemaliza kuongea ujumbe mwingine ulipoingia, umenyooka kama wa karani: "Samahani sana. Mtoto alikuwa anachezea simu. Huku ni salama."

"Mtoto gani huyo anayehesabu akiulizwa?" Mdomo alinong'ona.

"Anayemuumiza amemnyang'anya simu. Mjibu asishtuke."

Mdomo akaandika: "Hakuna shida. Asante kwa taarifa." Hakuwahi kuandika uongo wenye adabu namna ile.

Redio ya polisi ilikaa kimya mno. Ilipokoroma, askari alikuwa anahema.

"Tumeingia. Mwanamume tunaye. Mama yuko sakafuni, kafungwa mkono kwenye mguu wa kitanda. Leteni gari la wagonjwa." Kisha akaongeza: "Lisikimbie."

"Lisikimbie kwa nini?" Mdomo aliuliza, japo alikuwa ameelewa.

Shangazi alivua vipokea sauti, akavilaza mezani polepole.

"Ile ya kwanza, mwanangu. Ulipoifunga, na aliporudi. Katikati hapo palipita muda gani?"

Mdomo akatazama skrini. Muda uliandikwa pembeni kwa tarakimu safi, usiohitaji mtu wa kuupambanua.