Wastani wa Urefu

Mwalimu wa kompyuta alikuwa akiandaa somo: watoto waingize urefu wao, kisha watafute jumla na wastani. Akajaribu fomula kwa vipimo vya muhula uliopita. Humo alikuwamo mtoto waliyemwita Twiga, mrefu kuliko wote, aliyezikwa wakati wa likizo.

"Mwekee sifuri, dada," alisema mwalimu wa hisabati aliyeketi kando yake.

"Sifuri inahesabiwa, kama mtoto asiye na urefu. Nikiacha wazi, kompyuta inamruka tu."

Akafuta kipimo cha Twiga. Wastani ukashuka sentimita moja. Darasa zima limefupika. Kwa hasira akafuta vipimo vyote, akaandika juu: "Namba za viatu."

Akatazama mlangoni, pale watoto wanapovulia viatu, akakumbuka ni vya nani vilivyokuwa vikiziba njia.