Mbao ya Mti wa Agnès

Mjakaranda ambao Agnès aliupanda alipoolewa uliangushwa na upepo wa mvua, Agnès mwenyewe akiwa kaburini kwa miezi michache. Mume wake, Godefroid, aliukodolea macho ukiwa chini, halafu akapata wazo. Siku ya kuondoa matanga, katikati ya kiangazi, familia ingekula kwenye mbao ya mti ule. Basi.

Meza ilikuwepo tayari, au tuseme nusu yake. Baba yake Godefroid, aliyekuwa fundi wa reli, alikuwa amechomelea fremu ya chuma yenye ukingo kuizunguka, na uso wa mbao hukaa ndani ya ukingo huo. Ule wa zamani uliliwa na mchwa. Upana wa ndani ni sentimita sitini, na Godefroid, aliyefanya kazi ya vyuma maisha yake yote, aliupima mara moja akaridhika.

Shina lilipasuliwa, likatoa mbao mbili tu zilizokuwa pana, sitini na tatu kila moja. Alizipeleka mtaa wa Naviundu kwa Rabia, seremala aliyerithi karakana ya baba yake, mzee Asani wa Maniema. Rabia alizinyanyua, akazinusa, akapaka rangi ncha zote mbili ili zisipasuke, akazipanga kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite. Kabla ya kupaka rangi alikuwa amekata kutoka mwisho wa mbao moja kipande chembamba, upana wa mbao nzima, unene wa kidole; sasa akampa Godefroid.

"Papa Godefroid, kamata hii. Uweke ku salon, pale meza itakaa."

"Ya nini?"

"Ile mbao ikiwa ingali na mayi, iko munene. Ikikauka, itapunguka upana. Urefu hapana, ule hautacheza. Hii kipande itakauka mbio kupita mbao kubwa, ndiyo itakuonyesha mbao itafika wapi."

Godefroid alikipeleka nyumbani, akakitupa juu ya kabati, akakitupia kofia yake juu. Chuma ukishakikata, kimekatika. Kwa nini mbao ifanye mambo yake?

Uvumilivu haukuwa fungu lake. Baada ya wiki chache alichukua mbao moja kutoka karakana kwa Rabia akampelekea seremala mwingine, naye akaikata sitini kamili, ikiwa mbichi vile vile. Ilizama ndani ya fremu kama iliyozaliwa humo. Godefroid aliipiga makofi, akaita majirani, akamcheka Rabia kimoyomoyo.

Kiangazi kilipoingia, upepo mkavu ukaanza kuvuma, meza ikaanza kucheza. Mwezi uliofuata pengo lilikuwa la kupitisha vidole viwili. Mbao ilikuwa imepoteza sentimita tatu, na hakuna msumeno unaorudisha kilichokatwa. Godefroid alishika tama mbele yake. Aliona haya, na alimwogopa Agnès, ingawa Agnès hayupo. Ilibaki mbao moja, na matanga yalikuwa karibu.

Alikwenda Naviundu akakiri kila kitu. Rabia hakumtania.

"Kile kipande iko wapi?"

Walikwenda wote wawili nyumbani kwake, wakaondoa kofia. Rabia alikilaza kipande ndani ya fremu. Kiliingia, kikaacha nafasi nyembamba kuliko unene wa kisu.

"Ile mbao ingine tuliiacha sitini na tatu," alisema. "Imefika hapa."

Godefroid alihisi roho ikimtulia, na mshangao ukampanda. Mwanamke huyu alikuwa amemwachia jibu juu ya kabati miezi yote ile. Alimpenda wakati ule kama mtoto wake.

Lakini siku ya kuiweka mbao, Rabia alichukua randa akaipunguza tena, mpaka nafasi ikawa zaidi ya nusu sentimita. Godefroid alipiga kelele.

"Rabia! Tena? Utaimaliza!"

"Papa, mvua itarudi. Mbao itakunywa hewa ya mayi, itavimba. Chuma hakitaipisha. Kama haina nafasi, itapanda juu ao itapasuka."

Alitaka kubisha. Alitazama ile mbao iliyopungua, imeegemea ukutani, akamshikia mbao aendelee kuranda.

Matanga yaliondolewa. Walikula, wakaimba, wakalia, na binti yake Princesse alipitisha kidole juu ya ile nafasi akauliza mbona fundi hakumaliza. Godefroid alimwambia angoje mvua.

Mvua zilipokolea, aliamka asubuhi moja, paa likidunda, akaenda kupima kwa ukucha. Ukucha uliingia kwa shida. Mbao ilikuwa imejaa mpaka karibu na chuma, bila kukigusa, nayo ilitulia tuli alipoiegemea kwa viwiko vyote viwili.

"Agnès," alisema kwa sauti, "ndiyo hapa umefika."

Kisha akamwita Princesse, akampa ile mbao iliyopungua ampelekee Rabia, naye Rabia atengeneze rafu ya kuweka kile kipande.