Ununuzi wa Ijumaa

Programu ya Émérance haikuwa na akili nyingi, na yeye mwenyewe ndivyo alivyotaka. Kila Ijumaa saa nne asubuhi ilichukua dola hamsini za kundi, ikanunua bitcoin za dola hamsini kwenye soko la mtandaoni, basi. Haikutazama kama bei imepanda au imeanguka. Bei ikiwa juu, hamsini zilipata kipande kidogo. Ikiwa chini, zilipata kikubwa, na mwaka ukiisha wastani unakuwa wa kustahimilika. Kila ununuzi iliuandika: tarehe, bei, kiasi kilichopatikana, ada ya soko.

Wenye pesa walikuwa wafanyabiashara watano wa mtaa wa Mabanga, ambao tangu benki zifunge milango hawakujua waweke wapi akiba yao. Hao walikuwa watu wa likelemba, mchango wa kupokezana. Walizoea mweka hazina asimame katikati ya wenzake na kutangaza kila senti. Wakamwambia Émérance: mashine yako nayo itangaze. Akaifundisha kutuma taarifa katika kundi lao la simu baada ya kila ununuzi: tumenunua kiasi hiki, jumla tuna hiki, thamani yake leo ni dola kadhaa. Watu walifurahi sana, na hakuna aliyefikiri kwamba simu inaweza kuangukia mikononi mwa mtu mwingine.

Théogène, muuza maharagwe, mmoja wa wale watano, alikwenda mji wa Kiwanja kutafuta mzigo na hakurudi. Simu yake ilizimwa. Mkewe, Umurerwa, alikaa kibandani Mabanga akiuza maharagwe yaliyobaki, akimuuliza kila dereva wa pikipiki anayetoka upande ule.

Ijumaa iliyofuata, dakika chache baada ya saa nne, Umurerwa aliingia mbio katika kiofisi cha Émérance kule mtaani Katoyi, simu mkononi.

"Iko muzima," alisema. "Angalia. Amesoma."

Ni kweli. Chini ya taarifa ya ununuzi, kati ya majina ya waliosoma, lilikuwemo la Théogène. Émérance aliandika hapo hapo: Papa Théo, uko wapi? Hilo nalo likasomwa. Jibu halikuja. Umurerwa alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na Émérance akamkumbatia ili asimwone uso, maana yeye alikuwa akijiuliza ni nani aliyeishika simu ile.

Jumatatu mtu alimpigia Umurerwa. Sauti ya mwanamume, ya upole, kama ya karani.

"Mama, nasikia unalia eti hauna makuta, hauna pesa," alisema. "Mbona kila vendredi saa ine munanunua? Niko naona."

Alitaka dola elfu sita ili amwachie Théogène. Akiba yote siku ile ilikuwa na thamani ya elfu tatu na kidogo. Umurerwa akamsihi achukue hizo.

"Hapana. Siko na haraka. Mashine yenu iendelee. Siku itaandika elfu sita, tutaongea. Na mukisimamisha, ao vendredi moja ipite kimya, nitajua muko naongea na watu wa usalama."

Wanakikundi walikutana nyuma ya kibanda cha maharagwe. Édouard, mzee wao, alipendekeza wakope. Wakope kwa nani? Barabara zimefungwa, mzigo hautoki, kila mtu anamtazama mwenzake. Hata hizo hamsini za kila wiki walizipata kwa kubana matumbo ya watoto. Walikubaliana kuendelea kununua, na wakaanza kuitazama bei kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

Nayo bei ikaanza kuanguka.

Émérance alikuwa amewaambia tangu mwanzo: bei ikishuka msihuzunike, hamsini zenu zinapata zaidi. Sasa maneno yale yalimchoma. Kila Ijumaa kipande kilichonunuliwa kilikuwa kikubwa kuliko cha wiki iliyotangulia, na kila Ijumaa thamani ya rundo zima ilipungua. Elfu tatu ikawa elfu mbili na mia nane, kisha elfu mbili na mia tano. Kwa mwenye subira ya miaka, ulikuwa wakati mzuri wa kununua. Théogène hakuwa na miaka. Na chini ya kila taarifa, jina lake lilikuwa la kwanza kati ya waliosoma.

"Si uandike tu elfu sita," Umurerwa alimwambia siku moja. "Mashine ni yako."

"Ataomba nimutumie zote elfu sita, mama. Nitatoa wapi?"

Umurerwa alikaa akichambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa.

Kisha ikaja Ijumaa ya mvua. Saa nne kasoro kidogo radi zilipasua anga juu ya Katoyi. Saa nne kamili programu ilituma agizo lake sokoni, na kabla jibu halijarudi, mtandao ukakatika mtaa mzima. Kwenye kioo pakaandikwa: haijulikani.

Hilo nalo alilipanga mwenyewe, na aliwahi kujisifu kwalo. Kila agizo lilikuwa na namba yake. Jibu lisiporudi, programu hairudii agizo kwa pupa, isije ikanunua mara mbili kwa pesa za watu. Inangoja mtandao, inauliza soko juu ya namba ile, ikipata uhakika inaandika, na ikishaandika ndipo inatangaza. Bila mtandao, kimya.

Saa tano ikapita. Simu haikuonyesha hata mstari mmoja wa mtandao. Saa sita, Émérance aliifunga kompyuta ndani ya mfuko wa plastiki, akapanda pikipiki kwenye mvua mpaka mpakani, akavuka kwa miguu hadi Gisenyi, mji wa ng'ambo. Foleni ilikuwa ndefu. Alijisikia kama mtu anayekimbia ndotoni.

Chini ya paa la duka la ng'ambo, mtandao ukashika. Programu ikauliza, na soko likajibu bila wasiwasi: agizo limetimia tangu saa nne kamili. Ikaandika saa nne, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kweli, kisha ikatangaza. Lakini taarifa yenyewe ilionekana kundini saa tisa alasiri, na hapo hakuna la kufanya.

Jina la Théogène likatokea mara moja. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu apotee, simu yake ikaandika neno.

Mumechelewa.

Émérance aliandika mbio mbio: ni mvua, ni réseau, mtandao ulikatika, tazama saa ya agizo, tulinunua kwa wakati. Yote yalisomwa. Alipiga, simu ikalia bila kupokewa. Alilia pale dukani bila kujificha, na mwenye duka akamsogezea kiti.

Wiki nzima yule mtu hakupiga tena.

Alhamisi Umurerwa alifika Katoyi na dola zake kumi za wiki, noti zimekunjwa ndani ya kitenge. Émérance alitaka kumwambia azirudishe nyumbani, awanunulie watoto unga.

"Usiizime," Umurerwa alisema, akiziweka juu ya meza.

"Sitaizima, mama."

Kesho yake walikaa wawili mbele ya kompyuta. Mbingu ilikuwa safi, mtandao mzuri. Saa nne programu ilinunua hamsini zake, ikaandika, ikatangaza. Bei ilikuwa imeanguka tena. Hawakungoja muda mrefu. Jina lile likatokea chini ya taarifa, la kwanza kama kawaida.

Émérance akaangalia pembeni. Umurerwa alivuta kiti karibu na kioo, akaweka kidole kwenye jina la mumewe.

"Ona," alisema. "Amesoma."