Shoti Isiyo na Mwenyewe

Mwisho wa mwezi wa tisa Priska Mallya aliitwa ofisini, akawekewa karatasi mezani na kalamu juu yake. Ofisi ilikuwa chumba kidogo nyuma ya jiko, na harufu ya mtori wa ndizi na nyama ilipenya hadi kwenye makabati. Heena, mwenye mgahawa, alikaa upande wa pili wa meza. Jesse, msimamizi wa wahudumu, alisimama mlangoni.

Karatasi ilisema kwamba Priska na Martin, mwenzake wa kaunta, wanakubali kuwa wamesababisha shoti, yaani upungufu wa pesa za kaunta, ya mwezi huo, na kwamba itakatwa kwenye mishahara yao nusu kwa nusu. Ilikuwa mara ya tatu. Mwezi uliotangulia Priska alipoteza elfu sitini, akashindwa kulipa kodi ya chumba chake cha mtaa wa Pasua kwa wakati, mwenye nyumba akamsema mbele ya majirani. Martin alikuwa ameshasaini. Alikuwa na mtoto mchanga na hakutaka ugomvi.

Priska aliisoma karatasi mpaka mwisho, akairudisha.

“Dada Heena, kukatwa unaweza kunikata,” alisema. “Ila kusaini siwezi. Nikisaini, nimekubali kwamba ni mwizi.”

Jesse alisema kwa upole kwamba mtunza fedha asiye na la kuficha hawezi kuogopa kalamu. Alikuwa mtu mcheshi, anayejua majina ya madereva na waongoza watalii wote waliokuja kula pale na wageni wao, na Heena alimsikiliza sana. Siku hiyo alishauri wazi kwamba Priska apumzishwe, atafutwe mwingine.

Heena alikuwa ameolewa katika familia yenye mgahawa ule, na tangu mumewe afariki aliuendesha peke yake, akiangalia mauzo yakipungua ilhali viti vinajaa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba angemfukuza mtu yeyote ilimradi jambo liishe. Lakini alimuuliza Priska anataka nini.

Priska alimweleza. Kaunta ilikuwa na droo moja. Asubuhi aliitumia yeye, saa saba mchana Martin akaipokea ikiwa wazi, bila kuhesabiwa, kwa sababu huo ndio wakati watu wa ofisini wanafurika. Katikati, kila mwenye haraka alifungua akachukua: chenji, hela ya mkaa, hela ya mchicha. Jioni ikipungua, hakuna wa kusema imepungulia mikononi mwa nani. Aliomba kila mmoja awe na droo yake, ufunguo wake na chenji yake ya kuanzia, na akimaliza zamu ahesabu mbele ya shahidi. Pesa isitoke bila vocha yenye sahihi ya aliyeichukua.

“Nipe mpaka mwisho wa mwezi ujao,” alisema. “Droo yangu ikipungua, nitajua ni mimi, na nitaondoka mwenyewe.”

Heena alikubali. Wiki hiyohiyo alinunua droo ya pili, na funguo za akiba akazifunga kwenye bahasha, akazitia kwenye sefu.

Kila zamu ilianza na chenji ya laki moja, iliyohesabiwa na wawili. Zamu ikiisha, mtunza fedha alihesabu pesa kwanza, akaandika alichokipata na kusaini, ndipo Heena alipofungua mashine kuona mauzo yanasemaje. Mpangilio huo aliutaka Priska mwenyewe, maana mtu akishajua mashine inataka kiasi gani, moyo humtuma kukitimiza. Kisha hesabu ilikuwa nyepesi: chenji ya kuanzia, jumlisha mauzo ya fedha taslimu, toa vocha. Waliolipa kwa simu walihesabiwa kando, na jumla yao ikalinganishwa na taarifa ya namba ya malipo ya mgahawa, si na ujumbe ambao mteja anamwonyesha mhudumu kwenye simu yake. Pesa za zamu zote mbili zilifungwa kwenye mfuko, zikapelekwa benki asubuhi, na Heena akalinganisha karatasi ya benki na hesabu ya jana.

Jaribio la kwanza halikutoka kwa mwizi. Lilitoka kwa Mzee Bharat, baba mkwe wa Heena, aliyeuanzisha mgahawa huo akiwa kijana. Kila asubuhi alipita kaunta, akasalimiwa shikamoo, akafungua droo na kuchukua anachohitaji: hela ya muuza maziwa, ya gazeti, ya fundi bomba, ya maskini aliyemngoja nje. Hakuwahi kuhesabu. Asubuhi hiyo alikuta droo imefungwa. Aliigonga kwa kidole, akamtazama Priska.

Priska alifungua, akampa elfu kumi na tano aliyoitaka, akamsogezea vocha na kalamu.

Mzee alikasirika. Wateja waligeuka. Aliuliza tangu lini mtu anaandikiana hati na mfuko wake mwenyewe, na kama binti huyu anajua kaunta ile ilitengenezwa na nani.

Priska alimgeuzia vocha ili aisome.

“Mzee, pesa ni yako. Shoti ndiyo yangu.”

Heena alikuwa ametoka ofisini, na Priska alidhani ataambiwa aombe radhi. Badala yake Heena alimweleza mkwewe, kwa heshima na kwa sauti ya chini, kuwa wafanyakazi wawili wamekatwa mishahara miezi mitatu, na kwamba yeye Heena mwenyewe naye alikuwa akichukua bila kuandika. Uso wa mzee ulibadilika. Alimwuliza Priska amekatwa kiasi gani. Alipoambiwa, alichukua kalamu akasaini, kisha akakaa meza ya pembeni na chai yake ikapoa bila kunywewa.

Tangu siku ile shoti ilikwisha. Ijumaa moja Priska alitakiwa kuwa na laki nane na elfu themanini na tano. Alihesabu akapata pungufu ya shilingi mia tano, akaiandika vilevile bila kuifidia kutoka mfukoni mwake. Heena aliweka sahihi yake akasema mia tano ni chenji iliyokosewa, si wizi. Martin naye alifunga hesabu yake vizuri, akaanza kutembea kifua mbele.

Hata hivyo Heena hakutulia. Hesabu za droo zililingana na mashine, lakini nyama na ndizi zilizonunuliwa zilikuwa nyingi kuliko chakula kilichoonekana kuuzwa. Jesse alisema jibu liko jikoni, na kwamba wapishi hubeba vyakula kwenye mikoba. Siku mbili mfululizo mikoba ya wapishi ilipekuliwa mlangoni. Kindness, mpishi mkuu, mama wa makamo kutoka Kilema kama Priska, alipekuliwa mbele ya vijana aliowafundisha kazi, akaenda nyumbani bila kuaga.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alifika Thadeus, mwongoza watalii. Juzi yake alikuwa amewaleta wageni kumi na mmoja walioshuka mlimani, wakala ndizi nyama, akalipa taslimu. Sasa kampuni yake ilimkatalia kumrudishia pesa, kwa kuwa alipeleka bili badala ya risiti ya mashine ya kodi. Alimwomba Priska amtolee risiti.

Priska aliitafuta bili ile kwenye mashine. Ilikuwepo, na kando yake pameandikwa kwamba imefutwa: mteja ameahirisha. Aliyeifuta alitumia namba ya siri ya msimamizi.

“Ulimlipa nani, kaka?” aliuliza.

“Jesse. Aliifuata pesa palepale mezani, akasema kaunta kuna foleni.”

Hapo Priska alielewa kwa nini hesabu za droo zinalingana na ya nyama hailingani. Pesa ile haikuwahi kufika kwenye droo. Bili ikifutwa, mashine haiidai tena, na mtunza fedha hawezi kupungukiwa na kitu asichodaiwa. Na zamani, shoti za Mzee Bharat zilipokuwa zikipigiwa kelele kila jioni, nani angekumbuka kuangalia bili zilizofutwa?

Hakumwita Jesse. Alimwomba Thadeus asubiri na kikombe cha kahawa, akaenda kwa Heena. Kisha wakaenda wote jikoni kumwuliza Kindness kama anazo karatasi za oda za juzi. Kindness alionyesha msumari ukutani. Kila oda iliyopikwa na kutoka aliichoma pale, na zilizojaa alizitia kwenye boksi la mafuta ya kupikia. Bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria alisema kwamba kama wangemwuliza mapema, wasingechoka kupekua mikoba.

Walizilinganisha mezani, oda za jikoni upande mmoja, bili zilizofutwa upande wa pili. Chache zilikuwa za kweli: oda haikupikwa, au mhudumu alikosea meza. Zilizobaki chakula kilipikwa, kikatoka, kikaliwa. Zote zilikuwa za makundi makubwa, taslimu, na zote zimefutwa kwa namba ileile. Heena aliacha kujumlisha alipovuka milioni mbili, akafunika uso kwa mikono.

Jesse aliitwa. Alisema wageni wa Thadeus walikataa chakula wakaondoka. Heena alifungua mlango, Thadeus akaingia na bili yake.

“Jesse, tulikula,” alisema. “Na chai ya elfu kumi kwa kutuhudumia nilikupa.”

Jesse alianza kusema mashine ina matatizo, kisha akasema Priska anaijua namba yake. Heena alimwonyesha kwamba bili kadhaa zilifutwa siku za mapumziko ya Priska. Ucheshi ukamwisha Jesse. Aliandika maelezo yake kwa mkono wake, akakabidhi funguo, na polisi wakalichukua jambo kutoka hapo.

Jumatatu, kabla ya kufungua, Heena aliwakusanya wafanyakazi wote. Alianza na Kindness na wapishi, akawaomba radhi kwa mikoba yao, mbele ya kila mtu kama walivyopekuliwa mbele ya kila mtu. Kisha aliwapa Priska na Martin bahasha, kila mmoja na makato yake yote. Karatasi za kukiri alizozihifadhi kwenye faili alizichana, akasema hakuna atakayekatwa tena kwa shoti isiyo na mwenyewe. Kuanzia siku hiyo bili isingefutwa bila oda ya jikoni kuambatishwa na sahihi mbili, na Priska ndiye angekuwa msimamizi wa hesabu, kwa mshahara mpya. Wapishi walipiga vigelegele. Martin alimkumbatia Priska mpaka kofia yake ikaanguka.

Desemba ilipofika, Wachagga wakarudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, na mgahawa ukafurika hadi barazani. Watu walikula wamesimama. Siku moja kabla ya Krismasi, mlango ulipofungwa jioni, Priska alisimamia hesabu ya droo tatu, maana droo moja haikutosha tena kwa zamu moja. Martin alihesabu yake, akaandika. Msichana mpya aliyeitwa Gladness akahesabu yake, akaandika. Priska akahesabu ya tatu, aliyoishika mwenyewe siku hiyo, akaandika. Heena akafungua mashine.

Zilikuwa sawa, zote tatu, na mauzo makubwa kama hayo hayakuwahi kuonekana tangu kaunta ile itengenezwe. Gladness aliuliza kama ndivyo inavyokuwa siku zote. Priska alicheka, akamwambia anywe maji kwanza, kesho ni siku ya kupumzika. Akafunga mfuko wa benki kwa lakiri, akavua aproni, akatoka nje kuungana na wenzake waliokuwa wamekwishaanza kuimba.