Kati ya Saba na Nane

Najat aliomba mara mbili aje na kinu chake mwenyewe cha kusagia kahawa, na mara zote mbili Bi Asmahani akamkatalia.

"Hoteli yangu, mwanangu, na vyombo vyangu," alimwambia kwenye simu. "Nataka nionje kahawa watakayokunywa wageni wangu. Ile unayowapa watu wa Nguvumali wao wameshaizoea."

Basi akaenda hotelini Raskazone baada ya sala ya alasiri, na swaumu yake, na mfuko wa kahawa ya Usambara aliyoikaanga juzi. Nyuma yake alikuja Lea, msaidizi wake, Mbondei wa Muheza asiyefunga, amekumbatia mizani. Mpango ulikuwa huu: adhana ya magharibi ikilia, mwenye hoteli angefungua kwa tende na maji, kisha angeletewa kikombe kidogo cha kahawa ya mashine. Akiikubali, meza ya kahawa ya hoteli ingekuwa ya Najat. Akiikataa, Najat hana pa kwenda. Kibanda chake cha kahawa cha Nguvumali kilikuwa kibomolewe baada ya Idd, mwenye kiwanja alishasema, na kibanda kile ndicho kilichomlisha tangu mumewe Massoud atangulie mbele ya haki.

Mashine ya kuchemshia ilikuwa nzuri, inang'aa. Najat akafurahi. Akageukia kinu cha umeme kilichokuwa pembeni yake, akashika pete ya juu kuizungusha taratibu kama alivyozoea. Pete ikalia: tak. Akaizungusha tena. Tak.

"Mungu wangu," alisema. "Cha vituo."

Kuna watu wakisikia kusaga kahawa wanadhani ni kusaga tu, unabonyeza na unga unatoka. Watu hao tuwaache na kahawa yao. Ndani ya kinu cha namna hii kuna meno mawili ya duara, na pete ya nje ndiyo inayoyasogeza karibu au mbali. Yakikaribiana unga unakuwa laini, na maji yanapita kwa shida. Yakiachana unga unakuwa mkubwa, na maji yanakimbia. Kinu cha Nguvumali pete yake haikuwa na vituo. Unaisogeza kidogo, upana wa unywele, na inabaki pale pale ulipoiacha. Hiki cha hoteli kilikuwa na vituo vyenye namba, na hakuna namba katikati ya namba.

Akapima gramu kumi na nane, akaweka pete kwenye nane, akasaga. Kahawa ikatoka mbio, nyepesi, rangi ya majani makavu. Zilipotimia gramu thelathini na sita kwenye kikombe, saa ilikuwa bado haijafika sekunde ishirini. Lea akaonja, akakunja uso.

"Chachu, dada Najat. Utadhani mtu kakamulia ndimu."

Tak. Saba. Najat akasaga unga kidogo akaumwaga, maana kinywa cha kinu hubakiza unga wa kituo kilichopita, halafu akapima upya. Safari hii kahawa haikukimbia. Ilidondoka tone moja, ikafikiri, ikadondoka jingine. Sekunde zikapita arobaini.

"Hii inauma ulimi," Lea alisema. "Chungu ya kuungua."

Nane inakimbia, saba inakwama. Kahawa aliyoitaka ilikuwa katikati, mahali ambapo kinu hiki hakina mlango. Najat mwenyewe hakuweza kuonja. Mpishi aliyefunga anaruhusiwa kugusisha chakula ncha ya ulimi akatema, hilo alilijua, lakini kahawa hii haijulikani kwa ncha ya ulimi. Lazima imezwe ndipo iseme. Ulimi wake uliozoea miaka yote ulikuwa umefungwa, na alikuwa anategemea wa Lea, ambaye mpaka mwaka jana alikuwa anatia vijiko vitatu vya sukari.

Hapo ndipo akafanya kosa. Alishika pete kwa vidole viwili, akaivuta polepole kutoka nane kuelekea saba, akaiachia juu ya kigongo kilicho kati ya vituo viwili, kabla haijalia. Ikasimama. Akashusha pumzi.

"Umeona?" alimwambia Lea. "Imekubali."

Akawasha kinu. Kikatetemeka kama vinavyotetemeka vyote, na katikati ya kusaga, tak, pete ikateleza yenyewe ikarudi nane. Nusu ya unga ulikuwa wa huku na nusu wa kule. Kahawa iliyotoka Lea hakuimeza hata kidogo, aliitema kwenye sinki.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa, Bi Asmahani akachungulia. Alikuwa mama mrefu, mtandio umefungwa vizuri, na macho ya mtu aliyezoea kuona vumbi kwenye kona.

"Shikamoo, Bi Asmahani," Najat alisema.

"Marahaba. Mbona kahawa zote ziko kwenye sinki?"

"Natafuta kipimo, bibi."

"Kitafute haraka. Jua linazama." Akaondoka, viatu vyake vikisikika mpaka barazani.

Lea alisubiri viatu vinyamaze. "Dada, kwa nini usiongeze kahawa kidogo? Ikiwa nane inakimbia, ijaze ili maji yapate kazi."

"Mizani haiguswi."

"Nani kasema?"

Lea akaona haya kwa swali lake, maana wote wawili walijua nani kasema. Kumi na nane ndani, thelathini na sita nje. Ikikataa, gusa pete; mizani usiiguse. Massoud aliyasema hayo kila asubuhi akiwasha mashine, hata kwa wateja ambao hawakumuuliza. Yalikuwa maneno ya kweli, kwa kinu chake: ukiwa na pete inayokaa popote unapotaka, una haja gani ya kuchezea vipimo vingine? Nguo za marehemu, Najat alishazigawa. Simu yake ilikufa. Kipimo kile ndicho kitu cha Massoud alichokishika kwa mikono yake kila siku, na akikibadilisha, alihofu, hatakuwa amebakiwa na chochote. Alimkasirikia marehemu kwa kumwachia kanuni isiyofaa Raskazone, halafu akajionea aibu kumkasirikia maiti ndani ya Ramadhani.

Nje mtu alikuwa anapanga vikombe vya uji. Muda ulikuwa umekwisha.

"Lete mizani," alisema.

Alianza na nane, akaongeza gramu moja. Unga ukajaa mpaka mdomo wa kikombe cha mpini, kile kinachobeba unga chini ya mashine, na alipoupachika mpini kwenye mashine ukagoma kufunga. Unga ulikuwa unasukumwa na chujio la juu. Huko hakuna njia. Basi akageuka upande wa pili. Tak, saba. Ikiwa unga wa saba ni laini mno na maji yanakwama, upunguzwe unga, maji yapate nafasi. Akachota kijiko kidogo akakirudisha kwenye kopo. Mizani ikasema kumi na saba.

Kahawa ikatoka nyembamba na mfululizo, mkia wa panya, rangi ya asali. Lea akaonja, akatulia, akaonja tena.

"Tamu. Lakini mwishoni kuna uchungu, unabaki hapa nyuma."

Najat akafikiri. Uchungu ule ulikuwa wa maji ya mwisho, yanayokamua unga uliokwisha kutoa wema wake. Kama pete haigawanyiki, kuna kitu kingine kinagawanyika: mahali pa kukata. Akatengeneza nyingine, kumi na saba ndani, na zilipofika thelathini na mbili nje akafunga maji, hakungojea zaidi. Lea akanywa yote. Akalamba mdomo, na Najat akamwamini.

Alikwenda kutawadha akiwa na moyo mwepesi. Aliporudi, Mathew, mpishi wa hoteli, alikuwa amesimama mbele ya kinu na birika kubwa, kinu kinanguruma. Alikuwa anasagia kahawa ya wageni wa barazani, unga mkubwa kama chenga za mchele, na pete ilikuwa imezungushwa mbali kabisa.

"Unafanya nini?" Najat alipiga kelele.

"Pole, dada. Ya birika lazima isagwe kubwa. Nimekuvurugia?"

Kwenye kinu chake cha Nguvumali jambo hili lingekuwa msiba: pete ikishasogezwa huwezi kujua ilikuwa wapi, na kutafuta upya ni kumwaga kahawa nusu saa. Na hapo hapo, msikiti wa jirani ukaanza. Allahu Akbar.

Lea alikuwa ameshika mdomo. Najat alitia tende kinywani, akameza funda la maji, akatazama pete ile iliyomtesa tangu alasiri. Namba zilikuwa pale pale. Akairudisha, tak, tak, tak, mpaka saba, ikajifunga yenyewe. Akasaga unga akaumwaga, akasaga tena kidogo akaumwaga, mpaka chenga za Mathew zikaisha kinywani mwa kinu. Kumi na saba. Akafunga mpini. Ikatoka ile ile, mkia wa panya, rangi ya asali. Akakata kwenye thelathini na mbili.

Hakuwa na muda wa kuonja. Akaichukua kwenye sahani, akatoka nayo barazani.

Bi Asmahani alikunywa funda moja, akaweka kikombe chini. Akakinyanyua tena, akanywa la pili, akamtazama Najat.

"Nilikuwa nakunywa kahawa ya marehemu mumeo," alisema. "Nikienda mjini lazima nipite Nguvumali. Hii siyo yake."

Najat alitaka kusema ni yake. Ingekuwa rahisi: kahawa ni ile ile, mkaango ni ule ule, mikono alifundishwa naye.

"Siyo yake, bibi," alisema. "Yake ilikataa kwenye kinu chako. Hii nimeipima mimi."

Bi Asmahani alimaliza kikombe, akakipindua kwenye sahani.

"Afadhali umesema. Yake nisingeweza kuichukua. Massoud, Mungu amrehemu, siwezi kumwita kesho asubuhi kinu kikigoma. Wewe nitakuita. Anza Idd ikipita. Sasa nenda ukafuturu, umesimama kama mgeni."

Jikoni, Lea alikuwa ameshamtengenezea kikombe, saba, kumi na saba, thelathini na mbili. Najat akanywa, funda lake la kwanza la kahawa tangu daku. Ilikuwa nzuri, na haikufanana na ya Massoud hata kidogo. Alikaa juu ya gunia la mchele akalia, Lea akamshika bega, na kikombe hakukiachia mpaka kilipokwisha.