Injili kwa Lugha ya Marehemu

Mama yangu, Nekoye, alijifunza kusoma uzeeni katika darasa la kanisa pale Lugulu, na alikuwa na haja moja tu: asome Injili kwa lugha yake kabla mtoto wa jicho hajamfunga macho. Jicho moja lilikuwa limeshakwenda. Ndiyo maana kila mara kamati ya lugha niliyokuwamo ilipoahirisha kazi, mimi nilichemka.

Tulitakiwa tutoe Injili moja kwa Waluhya wote, sisi Wabukusu, Wamaragoli na wengineo. Mwaka 1944 ukaisha hatujatafsiri hata sura moja, kwa sababu watu wazima na akili zao waligombania lugha ya nani ndiyo ya asili.

"Sisi nasema tano," alifoka Mwalimu Asava wa Maragoli. "Nyinyi nasema rano. Hata Kiswahili iko tano! Nani ameharibu, si nyinyi?"

"Na tatu je?" alijibu Khaemba, Mbukusu mwenzangu. "Sisi nasema taru. Nyinyi ati vaga! Hiyo mlitoa wapi, bana?"

Nilichoka nao. Nikaenda Kitale kwa Thuo, karani Mkikuyu, anihesabie kwa lugha ya kwao: tatu ni ithatu, tano ni ithano. Kuku ni nguku. Kwetu ni engokho, Maragoli ingoko. Kikao kilichofuata niliyaandika yote ubaoni.

"Tazameni," nikasema. "Tuma kwa Maragoli, kwetu ruma. Tano, rano. Penye k yao sisi tuna kh. Mabadiliko haya yana njia yake, hakuna aliyeharibu. Zamani ilikuwa lugha moja. Watu wakahama, wakaachana, na kila kizazi cha watoto kikatamka tofauti kidogo na wazazi, bila kujua. Sisi tukageuza sauti, Maragoli wakaacha neno la kuhesabia tatu wakachukua jingine. Thuo naye ni ndugu, ila wa mbali. Mama wa lugha hizi amekufa, na hapa hakuna anayesema kama yeye. Basi kila mtu apewe Injili kwa lugha ya nyumbani kwake, tuanze kazi!"

Kisha Khaemba akapiga meza.

"Sasa hapo umesema! Kama huyo mama hana upande, si tuandike kwa lugha yake?"

Asava, kwa mara ya kwanza, alikubaliana naye. Wakashikana mikono! Nikapaza sauti kwamba maneno ya lugha hiyo ya kale tunayakisia tu, hakuna anayeyajua kwa hakika. Nani alinisikia? Walipiga kura, nikashindwa mimi na chaki yangu. Nilitaka kulia kwa hasira.

Ukurasa wa kwanza wa Injili hiyo ulipotoka, nilimpelekea mama. Aliusogeza karibu na jicho lililobaki, akafuata mistari kwa kidole, akatamka kila herufi sawasawa. Alipofika mwisho alirudia tena, polepole zaidi.

"Mukhisa, hawa wanaosema hivi ni watu wa wapi?"

"Ni wazee wetu wa kale, mama. Pengine walisema hivyo."

"Wako wapi sasa?"

"Walikufa zamani."

Akaukunja ukurasa, akanirudishia.

"Basi wapelekee wao wasome."